Akile, kobe na vipande visivyo na mwisho: kosa liko wapi hasa?

*"Shikamoo mwalimu. Niko kidato cha tano. Kaka yangu anayesoma falsafa chuoni amenipa fumbo la Akile, shujaa wa Wagiriki mwenye mbio, na kobe. Kobe anatangulizwa mbele, Akile anamfukuza, lakini kila Akile anapofika pale kobe alipokuwa, anakuta kobe ameshasogea kidogo. Hilo halina mwisho, kwa hiyo hamfikii kamwe. Nikamwambia huo ni mfululizo jiometri na jumla yake inajulikana. Akanijibu: hiyo ni hila ya hesabu tu, kama hakuna kipande cha mwisho, Akile anamalizaje? Nikakosa la kusema. Kosa la fumbo hili liko wapi?"*

Marahaba, mwanangu. Fomula uliyomtajia kaka yako ni sahihi, ila inaruka mahali penyewe anapopauliza. Inakupa namba, lakini haisemi kwa nini namba hiyo ndiyo wakati Akile anapomfikia kobe. Tuiweke pembeni kidogo. Tutairudia tukishajua ni swali gani inalijibu.

Mwenye fumbo ni Zeno wa Elea, mji wa Wagiriki uliokuwa kusini mwa Italia, katika karne ya 5 kabla ya Kristo. Mwalimu wake, Parmenide, alifundisha kwamba kilichopo ni kimoja na hakibadiliki, na kwamba mwendo ni kitu kinachotudanganya macho. Wengine walimwona amepotoka. Zeno akamtetea kwa kuwageuzia kibao: ninyi mnaosema mwendo upo, haya ndiyo mtakayolazimika kuyakubali. Maandishi yake yamepotea. Hoja ya Akile tunaijua hasa kupitia Aristoteli, aliyeieleza katika Fizikia karibu karne moja baadaye. Humo Aristoteli hamtaji kobe, anasema tu kwamba aliye mzito hatafikiwa na aliye mwepesi. Kobe tunamkuta kwa wafafanuzi wa baadaye, kama Simplikio wa karne ya 6 baada ya Kristo.

Nakukumbusha hayo kwa sababu moja. Zeno alijua fika kwamba mwenye miguu mepesi humpita mwenye miguu mizito. Alikuwa na macho kama sisi. Anachodai ni kwamba akili ikifuata hatua kwa haki inalazimika kusema hampiti. Kwa hiyo ukimjibu kaka yako kwamba watu wanapitana barabarani kila siku, hujamjibu kitu. Inabidi uweke kidole kwenye hatua ya hoja yake na useme: hapa pameruka.

Tuipe mbio namba. Akile anakimbia mita 10 kwa sekunde. Kobe anakwenda mita 1 kwa sekunde. Hakuna kobe wa kweli mwenye mbio hizo, lakini hesabu itakuwa nyepesi. Kobe ametangulizwa mita 100. Wote wanaondoka pamoja.

Kipande cha kwanza cha mbio: Akile anakimbia mita 100 mpaka pale kobe alipoanzia. Anatumia sekunde 10, na katika sekunde hizo kobe amesogea mita 10. Kipande cha pili: Akile anakimbia mita hizo 10 kwa sekunde 1, kobe anasogea mita 1. Kipande cha tatu: mita 1 kwa sekunde 0.1, kobe anasogea sentimita 10. Cha nne: sentimita 10 kwa sekunde 0.01, kobe anasogea sentimita 1. Na hivyo hivyo, bila kukoma. Mpaka hapa Zeno hajakosea hata neno moja.

Sasa ondoa macho uwanjani, tazama saa. Kipande cha kwanza kinapokwisha saa inasoma sekunde 10. Cha pili kinapokwisha, 11. Cha tatu, 11.1. Cha nne, 11.11. Cha tano, 11.111. Endelea mpaka uchoke, kila kipande kitaongeza 1 nyingine mwishoni, na hutaiona saa ikisoma 11.2. Mambo yote anayosimulia Zeno, vipande vyote bila kubakiza hata kimoja, yanatokea kabla ya sekunde ya 11.2. Kwa usahihi zaidi, yanatokea kabla ya sekunde ya 11 na 1/9, kwa maana desimali ya 11.111... ndiyo 100/9.

Basi kila sentensi ya Zeno inayosema "Akile bado yuko nyuma" ni ya kweli, lakini ni ya kweli kuhusu nyakati zilizo kabla ya sekunde ya 11 na 1/9. Kuhusu sekunde ya 12 hajasema lolote. Sekunde ya 12 Akile yupo mita 120 kutoka alipoanzia, kobe yupo mita 112, na hakuna sentensi hata moja kwenye orodha ya Zeno inayopingana na hilo, kwa kuwa orodha yake haifiki huko.

Kosa liko hapo. Zeno ameonyesha kwamba Akile yuko nyuma mwishoni mwa kila kipande kilichomo kwenye orodha. Kisha anahitimisha kwamba Akile yuko nyuma wakati wote. Kati ya mambo hayo mawili kuna daraja ambalo hakulijenga: alipaswa kuthibitisha kwamba vipande vyake vinaujaza muda wote ujao. Aliona havina mwisho kwa idadi, akachukulia kwamba basi havina mwisho kwa saa. Chukua rula ya sentimita 30. Weka alama katikati, kisha katikati ya nusu iliyobaki kulia, kisha katikati ya robo iliyobaki, na uendelee. Alama zinazoweza kuwekwa hazina idadi, na rula haijarefuka hata kidogo. Idadi ya vipande ni jambo moja, na urefu wa vyote kwa pamoja ni jambo lingine. La kwanza halikwambii la pili.

Hapo kaka yako atasema: sawa, muda hauzidi 11 na 1/9, lakini bado hakuna kipande cha mwisho, anamalizaje? Mkubalie nusu ya kwanza bila kusita. Ni kweli, kipande cha mwisho hakipo. Ukijaribu kukitafuta, au ukimwambia kwamba kipo ila ni kidogo mno, umeshindwa, kwa sababu baada ya kila kipande kuna kingine, na hilo ndilo sharti la fumbo.

Usichopaswa kumkubalia ni kwamba kumaliza kunahitaji kipande cha mwisho. Tumezoea orodha zenye idadi. Ukiwa na kazi kumi, ile ya kumi ikikwisha zote zimekwisha, kwa hiyo "ya mwisho imekwisha" na "zote zimekwisha" huja pamoja siku zote, nasi tunazidhani ni kitu kimoja. Kwenye orodha isiyo na mwisho vitu hivi viwili vinaachana. Kumaliza vipande vyote maana yake ni kwamba upo wakati ambapo hakuna kipande kilichobaki mbele yako. Basi tuulize: sekunde ya 11 na 1/9 ikifika, kipo kipande ambacho Akile hajakimaliza? Taja chochote. Cha tatu kilikwisha sekunde ya 11.1, kabla ya 11 na 1/9. Cha mia kilikwisha saa ikisoma 11 na nukta, kisha tarakimu 1 tisini na nane, nayo pia ni kabla ya 11 na 1/9. Chochote utakachotaja kilishakwisha. Kwa hiyo vyote vimekwisha, na hapakuwa na kimoja kilichofunga hesabu. Inashangaza mara ya kwanza, lakini tafuta mkinzano ndani yake na hutaupata.

Na wakati huo Akile yuko wapi? Orodha ya Zeno haisemi, kwa kuwa 11 na 1/9 yenyewe si mwisho wa kipande chochote. Inabidi tulitafute jibu wenyewe, nalo halina ugumu. Pengo kati ya Akile na kobe mwishoni mwa kipande cha kwanza ni mita 10, cha pili mita 1, cha tatu sentimita 10, cha nne sentimita 1, cha tano milimita 1, cha sita sehemu ya kumi ya milimita. Pengo hupungua tu, haliongezeki, maana Akile ndiye mwenye mwendo mkubwa. Tuseme mtu anadai kwamba ilipofika 11 na 1/9 pengo lilikuwa bado ni milimita 1. Haiwezekani: mwishoni mwa kipande cha sita lilikuwa tayari limeshuka chini ya hapo, na kipande cha sita kilikwisha mapema. Atadai sehemu ya milioni ya milimita? Kipo kipande kingine, mbele kidogo kwenye orodha, kinachomkanusha vilevile. Kila pengo lililo kubwa kuliko sifuri linakanushwa. Je, huenda Akile alikuwa ameshampita? Hapana, kwa sababu vipande vinasogea karibu na 11 na 1/9 kadiri upendavyo, na mwishoni mwa kila kimoja yuko nyuma bado. Hayuko nyuma, hajampita. Wako bega kwa bega.

Unaweza kuhakiki kwa njia ya mkato. Pengo baada ya sekunde t ni 100 − 9t, kwa kuwa Akile hula mita 9 za pengo kila sekunde. Linakuwa sifuri t ikiwa 100/9. Njia hii ni fupi na safi, lakini angalia isikupumbaze: inakwambia lini wanakutana ukishakubali kwamba wanakutana. Zeno angesema umedhania kile anachokibishia. Ndiyo maana nimekupitisha njia ndefu kwanza, ambayo haikudhania lolote ila vipande vyake mwenyewe.

Sasa turudi kwenye fomula yako. Jumla ya 10 + 1 + 0.1 + 0.01 + ... hakuna anayeipata kwa kukaa akijumlisha mpaka mwisho. Tunachofanya ni kutazama kilichobaki. Kabla ya kuanza, Akile amebakiwa na sekunde 100/9. Baada ya kipande cha kwanza zimebaki 10/9. Baada ya cha pili, 1/9. Baada ya cha tatu, 1/90. Kila kipande kinakula sehemu tisa za kumi za kilichobaki na kuacha moja. Kwa kuwa daima kinaacha kitu, jumla haivuki 100/9. Kwa kuwa kinachoachwa hushuka chini ya kiasi chochote utakachotaja, hakuna namba ndogo kuliko 100/9 ambayo jumla itaishia chini yake. Namba pekee inayokidhi mambo yote mawili ni 100/9, na hiyo ndiyo tunayoiita jumla ya mfululizo. Mfaransa Cauchy aliiweka maana hiyo wazi katika kitabu chake cha kufundishia cha mwaka 1821. Arkimedi, zaidi ya miaka elfu mbili kabla yake, alikuwa ameitumia fikra ya namna hiyo alipopima eneo lililokatwa na parabola: ukihesabu pembetatu yake ya kwanza kuwa 1, kila nyongeza ilikuwa robo ya iliyotangulia, 1 + 1/4 + 1/16 na kuendelea, naye akathibitisha kwamba eneo haliwezi kuzidi 4/3 wala kupungua 4/3.

Ipo njia ya mkato ambayo pengine umefundishwa, na nataka uishike kwa tahadhari. Unaiita jumla S, unaona kwamba S = 10 + S/10, unapata S = 100/9. Jibu ni sawa. Lakini jaribu mkato huohuo kwenye 1 + 2 + 4 + 8 + ... Hapo S = 1 + 2S, kwa hiyo S = −1. Umejumlisha namba chanya tupu ukapata hasi! Mkato haukukosea algebra. Ulidhania tangu mwanzo kwamba S ipo, na hapo haipo. Mtu wa falsafa akikubana kwenye mkato huu ana haki kabisa. Kinachothibitisha kwamba jumla ipo ni ile hoja ya kilichobaki. Mkato unatusaidia tu kuipata haraka.

Kuna kosa jingine ambalo nalisikia mara nyingi zaidi, hata kwa waliosoma: kwamba vipande vinakuwa vidogo na vidogo, ndiyo maana muda una ukomo. Hiyo haitoshi. Nitakuonyesha kobe wa pili, na huyu nataka ukae naye, kwa sababu ndiye anayefundisha zaidi kuliko yule wa kwanza.

Akile ni yuleyule, mita 10 kwa sekunde. Kobe wa pili ametangulizwa mita 10 tu, lakini anaongeza mwendo kadiri mbio zinavyoendelea. Katika kipande cha kwanza Akile anatumia sekunde 1 kukimbia mita 10, kobe anasogea mita 5. Kipande cha pili kinamchukua Akile nusu sekunde, kobe anasogea mita 10/3. Kipande cha tatu kinachukua theluthi ya sekunde, kobe anasogea mita 10/4. Cha nne robo sekunde, kobe anasogea mita 10/5. Umeona utaratibu. Piga hesabu ya mwendo wa kobe: mita 5 kwa sekunde katika kipande cha kwanza, karibu 6.67 katika cha pili, 7.5 katika cha tatu, 8 katika cha nne. Unapanda kuelekea 10 lakini haufiki 10. Kwa hiyo katika kila kipande Akile ana mwendo mkubwa kuliko kobe, na pengo linapungua kila mara, 10, 5, 3.33, 2.5, 2, likielekea sifuri.

Akile atamfikia kobe huyu lini? Muda wake ni 1 + 1/2 + 1/3 + 1/4 + ... Kukusanya vipande hivi kwa mafungu kunatoa jibu, na njia hii ilionyeshwa na Nikola Oresme, msomi wa Ufaransa wa karne ya 14. Chukua 1/3 na 1/4: kila kimoja si pungufu ya 1/4, kwa hiyo pamoja vinazidi nusu. Chukua vinne vinavyofuata, 1/5 hadi 1/8: kila kimoja si pungufu ya 1/8, pamoja vinazidi nusu. Vinane vinavyofuata vinazidi nusu tena. Kumi na sita baada ya hapo, nusu nyingine. Mafungu hayaishi, na kila fungu linaleta zaidi ya nusu sekunde. Basi muda unavuka dakika, unavuka saa, unavuka mwaka. Hakuna wakati wowote ambao vipande vyote vimekwisha.

Maana yake kobe wa pili hafikiwi. Kwake yeye hoja ya Zeno inahitimisha ukweli! Inakwenda polepole ajabu: ili saa ivuke sekunde 10 inahitaji vipande 12,367, na pengo hapo limeshakuwa dogo kuliko milimita moja. Ili ivuke sekunde 20 inahitaji vipande zaidi ya milioni 272. Ukitazama kwa macho utaapa kwamba Akile ameshamgusa. Hajamgusa, na hatamgusa.

Weka kobe hawa wawili kando kwa kando uone. Zeno anasimulia habari ileile neno kwa neno kwa wote wawili: Akile anafika alipokuwa kobe, kobe amesogea, tena na tena, bila kipande cha mwisho. Mmoja anafikiwa kwa sekunde 11 na 1/9, mwingine hafikiwi. Kwa kuwa habari ileile inalingana na matokeo yote mawili, haiwezi kuwa imethibitisha lolote kati ya hayo. Nikiwa mahali pako, hiki ndicho ningempelekea kaka yako badala ya fomula, kwa sababu kinamjibu kwa lugha ya hoja, siyo ya hesabu. Kinachoamua ni vipande vinapungua kwa kasi gani. Vikipungua kila mara kwa uwiano mmoja ulio chini ya 1, kama kwa kobe wa kwanza, muda una ukomo daima.

Utakutana pia na watu wanaosema fumbo linatatuliwa na fizikia, kwamba upo urefu mdogo kabisa usiogawanyika, kwa hiyo vipande vinakoma. Wanataja urefu wa Planki, takriban mita 1.6 × 10⁻³⁵. Katika mbio zetu za kwanza kipande cha 38 tayari ni kifupi kuliko huo. Lakini haijathibitishwa kwamba nafasi imegawanyika katika punje hivyo, na hata ingethibitishwa, jibu hilo linakwepa swali. Zeno aliuliza itakuwaje kama nafasi inagawanyika bila mwisho. Tumeona kwamba hata ikiwa hivyo, Akile anafika. Hatuhitaji punje za kutuokoa.

Sasa nimpe kaka yako haki yake, kwa sababu kuna kitu kinabaki baada ya hesabu. Aristoteli kwanza alijibu kwamba muda nao unagawanyika kama umbali unavyogawanyika, kwa hiyo vipande vingi vya njia vina vipande vingi vya muda vya kuvilipia. Baadaye katika kitabu hichohicho alisema jibu hilo linamtosha aliyeuliza kuhusu muda, lakini halilifikii swali la ndani zaidi: inawezekanaje kupitia mambo yasiyo na idadi, kila moja kwa zamu yake? Akajibu kwamba migawanyo ile ipo kwa uwezekano tu. Akile anakimbia mara moja, kwa mwendo mmoja, na sisi ndio tunaoweza kuikata njia yake popote tupendapo. Hasimami penye alama.

Tofauti hiyo si maneno matupu, unaweza kuipima. Mlazimishe Akile apumzike sekunde moja kila anapofika alipokuwa kobe. Hata kobe naye umsimamishe sekunde hiyohiyo, ili vipande vya njia visibadilike. Sasa muda wa mapumziko ni 1 + 1 + 1 + ..., na hatamfikia kamwe. Mpe badala yake mapumziko yanayopungua kwa uwiano, nusu sekunde, robo, sehemu ya nane, na muda wa mapumziko yote unakuwa sekunde 1 tu. Saa haina pingamizi. Lakini je, kiumbe anaweza kuanza na kusimama mara zisizo na idadi ndani ya sekunde hizo? Jumla ya mfululizo hailijibu hilo. Mwaka 1954 mwanafalsafa James Thomson alilichokonoa kwa taa: inawashwa, baada ya dakika moja inazimwa, baada ya nusu dakika inawashwa, na kuendelea. Dakika mbili zinapotimia, inawaka au imezimika? Hesabu inakupa dakika mbili bila shida, na kuhusu taa haikwambii neno. Kwa Akile mambo ni tofauti, kwa sababu mahali alipo panatulia kuelekea pointi moja, mita 111 na 1/9 kutoka alipoanzia. Hali ya taa haitulii kuelekea popote. Kaka yako akitaka kubishana hapo, mwache, ana uwanja halali.

Kwako wewe, fanya hili peke yako kabla ya kitu kingine. Kobe ametangulizwa mita 60, Akile ana mita 4 kwa sekunde, kobe mita 1 kwa sekunde. Kipande cha kwanza ni sekunde 15, na wanakutana sekunde ya 20. Andika muda uliobaki baada ya kila kipande, na uonyeshe kwa maneno, siyo kwa fomula, kwa nini hauwezi kuishia kwenye namba iliyo kubwa kuliko sifuri. Ukiweza kuyaandika hayo kwa sentensi zako, umelielewa jambo hili. Ukiona unapata 20 kila mara lakini sentensi haziji, au kobe wa pili bado anakuonekania kama mchezo wa maneno, usiendelee kukariri. Mpelekee mwalimu wako wa hesabu karatasi yenyewe yenye ulipofikia, mkae nayo pamoja, umwombe akufuate mstari kwa mstari mpaka penye kukwama. Mimi kutoka huku siwezi kuona ni mstari upi, yeye ataona.